Kinga ya gawio: je, gawio la mwaka huu litarudi mwakani?

Mwalimu, jirani yangu wa Pasua hapa Moshi, alikuja jioni moja na ripoti ya mwaka ya kampuni ambayo hisa zake ziko sokoni Dar es Salaam. Alikuwa na sehemu ya kiinua mgongo chake na alishaamua. "Mwanangu," aliniambia, "hawa wanalipa asilimia 12. Nakosea wapi?"

Hesabu yake haikuwa na kosa. Hisa moja ilikuwa inauzwa shilingi 1,000, na mwaka ule kampuni ililipa gawio la shilingi 120 kwa kila hisa. Ukigawa 120 kwa 1,000 unapata asilimia 12. Hayo ndiyo mavuno ya gawio: kila shilingi mia uliyoweka kwenye hisa, gawio linakurudishia ngapi kwa mwaka. (Mkononi inapungua kidogo, kwa sababu gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo 120 inakuwa 114.) Ila gawio hilo ni la mwaka uliopita, na bei ni ya leo. Bei ikianguka, mavuno yanapanda yenyewe bila kampuni kuongeza hata senti. Ndiyo maana mavuno makubwa kuliko ya wenzake yananifanya niulize kwanza soko limeona nini.

Jibu huanzia kwenye faida. Kampuni ile ilikuwa na hisa milioni 50 na faida baada ya kodi ya shilingi bilioni 10. Gawanya, kila hisa imeingiza shilingi 200. (Angalia juu ya safu ya namba kama pameandikwa `TZS '000` au `TZS Million`, ukipitiwa hapo, kila hesabu inayofuata itapotoka.) Kutoka kwenye hiyo 200 unapata vipimo viwili. Bei gawa kwa mapato ya hisa, 1,000 kwa 200, ni 5; kwenye jedwali la bei utaisoma `P/E`. Ni kama kununua fremu pale Mbuyuni kwa milioni 10 huku inakuingizia milioni 2 safi kwa mwaka: miaka mitano imejilipa, ilimradi kodi ya pango isishuke. Kipimo cha pili ni kinga ya gawio: mapato ya hisa gawa kwa gawio la hisa, 200 kwa 120, karibu 1.7. Maana yake faida ingeweza kulipa gawio lile mara moja na zaidi ya nusu. Bei rahisi, gawio lina kinga. Mwalimu alikuwa anatabasamu.

Nikamwomba tufungue maelezo ya hesabu, zile kurasa za nyuma zenye maandishi madogo. Chini ya mapato mengineyo palikuwa na faida ya kuuza kiwanja: shilingi bilioni 6 baada ya kodi. Kiwanja kile hakiuziki mara ya pili. Ukikiondoa, biashara yenyewe imezalisha bilioni 4, yaani shilingi 80 kwa hisa. `P/E` haibaki 5, inakuwa 12.5. Na kinga, 80 kwa 120, inashuka hadi 0.67. Biashara ilizalisha thuluthi mbili tu ya gawio lililolipwa. Thuluthi iliyobaki ilitoka kwenye kiwanja.

Kinga iliyo chini ya 1 si kosa la kisheria. Kampuni inaweza kulipa kutoka kwenye faida iliyolimbikizwa miaka ya nyuma, na baadhi hufanya hivyo mwaka mmoja mbaya ili wanahisa wasishtuke. Lakini limbikizo huisha. Kampuni hii ikirudi kugawa, tuseme, robo tatu ya faida ya kawaida, gawio litakuwa shilingi 60, na kwa bei ile ile mavuno ni asilimia 6. Na sidhani kama bei itabaki ile ile gawio likikatwa nusu.

Ishara ilikuwepo hata kabla ya kufika kwenye maelezo. Mauzo yalikuwa karibu sawa na ya mwaka uliotangulia, ilhali faida imeruka. Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, pesa ya kiwanja iliandikwa chini ya shughuli za uwekezaji, na fedha kutoka shughuli za uendeshaji zilikuwa pungufu ya gawio lililolipwa. Mimi huanza hapo siku hizi, kwa sababu faida inaweza kuwa kwenye karatasi tu wakati wateja hawajalipa, lakini gawio hulipwa kwa pesa taslimu.

Mwalimu alikaa kimya, akaandika 0.67 kwa penseli pembeni ya ukurasa. Kisha akampigia dalali wake kuuliza kama anaweza kupata hesabu za miaka mitatu ya nyuma, aone gawio lilikuwa shilingi ngapi kabla ya kiwanja.