Kuzumu si kusogeza kamera, na uso wa babu ndo unaoumia

Maana yenyewe tuipitie haraka tumalizane nayo. Kugeuza picha kuwa video kwa AI ni kuipa modeli picha moja iliyotulia, ukaiandikia maneno machache ya kusema unataka kitokee nini, ndo prompti hiyo, halafu yenyewe inachora fremu zinazofuata, mara nyingi za sekunde tano hivi. Picha yako inakuwa fremu ya kwanza, zilizobaki zote ni zake yeye. Stable Video Diffusion iliyotoka Novemba 2023 ilikuwa inatoa fremu 14 au 25 tu, hujakaa sawa ishakwisha, sasa hivi kuna Kling, kuna Runway, kuna Wan ya Alibaba ambayo baadhi ya matoleo yake unaweza kuyaendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe kama kadi yake ya picha ina nguvu. Basi, ndo hiyo.

Sasa kinachonikera. Hapa mjini Unguja kila anaeniletea picha niigeuze video neno lake ni moja tu, "nizumie". Tangazo la hoteli ya Nungwi, nizumie. Picha ya bi harusi, nizumie. Babu alofariki, wanataka video ya kuweka kwenye grupu la ukoo, nizumie. Ukimuuliza vipi, kamera isogee au picha ikuzwe, anakutazama kama umemuuliza swali la mtihani, kwani si kitu kimoja? Si kitu kimoja hata kidogo, na tofauti yake ndo inayoamua kama uso utabaki wa babu yenu au utakuwa wa mtu mwengine aliyevaa kofia ya babu yenu.

Chukua picha ya mzee kakaa barazani Mkunazini, kanzu na kofia, kamera ilikuwa mita mbili kutoka kwake, nyuma ya kichwa chake mlango wa nakshi, na pembeni uchochoro unakwenda mpaka kama mita ishirini. Ukizumu, kamera haiendi popote, lenzi tu ndo inayokuza, kwa hiyo mzee na mlango na uchochoro vyote vinakua pamoja kwa kipimo kimoja. Kilichokuwa kimefichwa na kichwa chake kinabaki kimefichwa vile vile, hakizidi wala hakipungui.

Lakini kamera ikipiga hatua ya mita moja kwenda mbele, hesabu inavurugika yote. Mzee alikuwa mita mbili sasa yuko mita moja, anaonekana mkubwa mara mbili. Mwisho wa uchochoro ulikuwa mita ishirini sasa ni kumi na tisa, umeongezeka kidogo mno hata hutoona. Na uso wenyewe unabadilika umbo, maana pua iko mbele ya masikio, ukimkaribia mtu pua inakuwa kubwa haraka kuliko masikio, na mashavu yanaanza kuyafunika masikio. Yaani ule uso uliopigwa mwanzo hautoshi tena, lazima uchorwe upya. Na ukitaka kamera imzunguke ndo balaa zaidi, hapo modeli inatakiwa ionyeshe ubavu wa kichwa ambao picha haikuwahi kuupiga, itautoa wapi? Itabuni, itachanganya wazee wote iliyowahi kuwaona ikupe mmoja.

Kuzumu hakuhitaji kubuni kitu. Ndo maana kwa kazi ya kuzumu AI huihitaji kabisa, fungua app ya kuhariri video kama CapCut, weka alama mbili za ukubwa, mwanzo asilimia 100 na mwisho asilimia 115, umemaliza, na uso hauwezi kupinda kwa sababu pikseli ni zile zile za picha. iMovie wameuita mtindo huu Ken Burns, jina la Mmarekani mtengeneza filamu za historia, maana alikuwa akizitembeza picha za zamani hivo hivo na watu wakakaa kuangalia saa nzima. Nusu ya wanaoniambia nizumie wanataka hiki tu, ila washasikia kuna AI basi lazima iwe AI.

Sasa tuseme kweli unataka kamera isogee, mzee apumue, apepese jicho. Uso unaharibika kwa nini? Watu wanasema modeli mbovu, au prompti mbovu, lakini sababu kubwa mara nyingi ni ukubwa wa uso ndani ya picha. Modeli hizi hazifanyi kazi juu ya pikseli moja kwa moja, zinaibana picha kwanza. Wan 2.1 ya mwaka 2025 kwa mfano inabana mara nane kwa upana, mara nane kwa urefu, yaani pikseli nane kwa nane zinakuwa kisanduku kimoja, na kwa upande wa wakati fremu ya kwanza inabaki peke yake halafu kila fremu nne zinakuwa moja, kwa hiyo klipu yake ya fremu 81, ambayo ni sekunde tano, mle ndani ni hatua 21 tu.

Rudi kwa mzee wetu. Tuseme safari hii picha imepigwa kwa mbali zaidi ili mlango wote uonekane, mzee anaonekana mpaka viatu, ukiiweka kwenye 1280 kwa 720 uso wake unapata urefu wa pikseli 64 hivi. Gawa kwa nane, uso mzima ni visanduku vinane kwenda chini. Jicho la pikseli kumi linaangukia kwenye kisanduku kimoja na kidogo. Kope, mboni, mikunjo ya pembeni, vyote vimesagwa mle, halafu unaiambia modeli ifumbe jicho hilo na kulifumbua. Hiyo ndo sababu nyuso za watu walioko nyuma kwenye video za harusi zinakuwa kama zimeyeyuka ilhali bi harusi aliye mbele yuko salama, na modeli ni ile ile, na prompti ni ile ile.

Kwa hiyo dawa inaanza kwenye picha, kabla hujaandika neno. Kata picha mpaka mzee abaki kiuno kwenda juu, mlango utabaki kipande nyuma yake na kinatosha. Uso sasa una pikseli 240 hivi, yaani visanduku 30, na jicho limepata visanduku vinne vitano vya kujimwaya. Umepoteza mlango mzima, najua inauma, lakini huwezi kuvipata vyote viwili kwenye klipu moja. Na hizo app za kusafisha nyuso usizikimbilie kabla, nyingi zinaupaka uso ujana ambao mzee hakuwa nao, utakuwa umeshaupoteza kabla hujaanza.

Halafu ndo prompti. Andika kiingereza kifupi, eleza kamera kwanza, mtu baadae, na usimwagize mtu jambo ambalo picha haina ushahidi wake:

```
Slow push-in, one small step. The old man sits still,
mouth closed, breathing gently, blinks once.
```

Mdomo kufungwa nimeuweka makusudi. Ndugu wote wanataka babu atabasamu, na kwenye picha babu kafunga mdomo, meno yake hayamo. Modeli itampa meno, meno meupe yamepangika, na familia inajua babu alikuwa na pengo. Hapo ndo mtu anasema "kafanana lakini si yeye" na hajui kwa nini. Kugeuza kichwa hali kadhalika, akigeuka akarudi, anaerudi ni mwengine, kwa sababu uso ulipofichika modeli haikuwa na pa kuushika. Kama app yako ina sehemu ya maneno ya kukataza basi yaweke kule:

```
smiling, talking, turning head, fast motion
```

Nimeandika push-in, yaani kamera isogee mbele, na sio zoom in, na hili ndo linalochekesha, modeli nyingi zimejifunza kutoka kwenye video ambazo maelezo yake yanachanganya maneno haya haya kama mnavyochanganya nyinyi, unaandika zoom inakuletea kamera inayosogea, siku nyengine kinyume chake. Kwa hiyo usiamini neno, kagua video. Mwanzo wa klipu tazama kichwa cha mzee kimefunika maua mangapi ya nakshi za mlango, halafu tazama mwisho. Kama ni yale yale, imezumu. Kama kichwa kimefunika zaidi, kamera imesogea kweli. Jaribio hili halidanganyi, na linafanya kazi kwa picha yoyote yenye kitu nyuma ya mtu.

Kuna ujanja vijana wanaupenda, Kling na baadhi ya matoleo ya Wan yanakubali picha ya mwanzo na ya mwisho, basi wanaikata picha ile ile karibu na uso wanaipa kama mwisho, wanasema hapo modeli haiwezi kuupoteza uso. Ni kweli uso unashikika. Lakini hiyo picha ya mwisho imekatwa kwenye picha ile ile, kichwa kimefunika nakshi zile zile, maana yake umeagiza zumu hata kama prompti inasema push-in, na modeli inabaki katikati ya amri mbili, ndo unaona mlango nyuma unatetema. Kama unataka zumu pamoja na kupepesa jicho, sawa, tumia, ila andika kamera itulie:

```
Static camera, slow zoom in. He blinks once.
```

Ukishapata klipu usiiangalie ikicheza tu. Uso unabadilika polepole na jicho lako linazoea kila fremu, mwisho unaona kila kitu sawa. Toa fremu ya mwisho iweke ubavuni mwa picha yenyewe, angalia nafasi kati ya macho, umbo la sikio, alama yoyote aliyokuwa nayo. Bora zaidi mwonyeshe mtu aliyemjua fremu hiyo moja, bila kumwambia imetoka wapi, akisita tu ujue imeshapotea. Kawaida utakuta sekunde mbili tatu za mwanzo ziko salama na za mwisho ndo zimekimbia, basi kata hapo, si lazima utumie zote tano.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukileta picha sema "ikuze" kama unataka babu asogee karibu na abaki vile vile, hiyo dakika mbili na nitakufanyia ukiwa umekaa. Sema "sogeza kamera" kama unataka ionekane mtu alikuwepo pale barazani anamwendea mzee, na hapo niletee picha yenyewe kubwa, ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, maana ikipita kama picha ya kawaida inabanwa na zile pikseli za jicho tunazozipigania zinakuwa zimeshaondoka.