Chumvi ikiyeyuka haijawa kampaundi

"Ni kampaundi, mwalimu, maana chumvi haionekani tena." Jibu hili kuhusu maji ya chumvi nimelisikia hapa Kigoma hadi masikio yamechoka, tena kwa vijana ambao nyumbani kwao chumvi ya Uvinza haikosekani. Wanafunzi wangu, kutoonekana si kipimo!

Chumvi yenyewe ni kampaundi, yaani sodiamu na klorini zilizoungana kuwa kitu kimoja kipya. Maji nayo ni kampaundi ya hidrojeni na oksijeni. Ukiyatia pamoja, punje za chumvi huachana kuwa chembe ndogo mno zinazosambaa ndani ya maji, lakini hakuna kitu kipya kilichoundwa. Huo ni mchanganyiko.

Tazama uwiano. Maji, yawe ya mvua au ya Ziwa Tanganyika, katika kila gramu 9 za maji yenyewe hidrojeni ni gramu 1 na oksijeni ni 8, basi. Maji ya chumvi hayana sharti hilo: tia kijiko kimoja au vitatu, bado ni maji ya chumvi. Mjanja mmoja hunijibu kwamba kuna kikomo, na kweli kipo, kama gramu 36 kwa gramu 100 za maji ya joto la kawaida, inayozidi hutuama. Lakini chini ya hapo kiasi chochote kinakubali, na kampaundi haina uhuru huo.

Anayebisha akachemshe. Chukua kikombe cha maji, koroga vijiko viwili vya chai vya chumvi mpaka iishe, kisha bandika kwenye moto mdogo. Maji yakikaribia kukauka, punguza moto na ufunike nusu, kwa sababu chumvi huruka na inaunguza. Utakuta ganda jeupe limeshika sufuria. Likipoa lionje: ni chumvi ileile. Uvinza nako chumvi hupatikana kwa kukausha maji ya chemchemi zake. Usijaribu hivyo kwa maji ya sukari, maana yakikauka motoni sukari huungua, inakuwa nyeusi na chungu, na hairudi tena. Hapo kampaundi imevunjika, na wewe utabaki kusugua sufuria.

Majibu mengine ya kusahihisha ni mafupi. Mapovu ya maji yanayochemka si hidrojeni na oksijeni zikiachana. Ni mvuke wa maji, ndiyo maana mfuniko hudondosha maji. Chumvi ya pakiti yenye madini joto si kampaundi moja tupu, imechanganywa na iodeti kidogo. Mkaa si elementi safi, yaani kitu cha aina moja tu ya atomu, ingawa sehemu yake kubwa ni kaboni: kama ungekuwa kaboni tupu, jiko lisingebaki na majivu. Ukitaka mfano wa elementi jikoni, andika alumini ya sufuria, ingawa hata hiyo kiwandani mara nyingi huongezwa metali nyingine kidogo ili iwe ngumu.