Kwa nini oda za mboga zifungwe saa nane mchana

Kazi yangu ni kuwashauri wakulima wadogo wa pembezoni mwa Nairobi wanaouza mboga kwa simu, bila dalali na bila duka. Swali ninaloulizwa zaidi ni la friji: ninunue ya ukubwa gani? Mimi huuliza kwanza saa ya kufunga oda. Mara nyingi hakuna saa. Mteja anatuma ujumbe saa tano usiku akitaka dania na mafungu mawili ya sukuma wiki asubuhi, na mkulima anajibu "sawa". Hiyo "sawa" ndiyo inayonyausha mboga kuliko jua.

Nitaeleza kwa mfano wa mama mmoja wa Tigoni, karibu na Limuru, mwenye kama nusu ekari ya sukuma, spinachi, managu, dania na letasi. Wateja wake wako Westlands, Kileleshwa na Kilimani, na anapeleka Jumatano na Jumamosi. Alikuwa akivuna alfajiri ya siku hiyohiyo, akapakia saa mbili, kisha pikapu ikaingia Waiyaki Way wakati foleni ya kuelekea mjini ingali nzito. Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Mzigo ulifika saa nne na kitu, wenye nyumba wakiwa wameshakwenda kazini, ukaachwa kwa askari wa geti. Pale getini mfuko ulikaa juu ya kiti, upande wa jua, hadi jioni. Mteja akapiga picha ya managu yaliyolala na kuandika kwamba si mabichi. Kumbe yalivunwa siku ileile!

Jani likishakatwa halipati maji tena kutoka kwenye mizizi, lakini linaendelea kupumua na kutoa mvuke. Kadiri linavyokuwa na joto ndivyo linavyojila haraka: joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka kama mara mbili au zaidi. Mboga nyingi za majani huonekana zimechoka zikipoteza asilimia chache tu ya uzito wake, na dania na letasi ndizo za kwanza. Kwa hiyo saa za geti ni ghali mno kuliko saa za shambani. Usiku mzima kwenye kivuli baridi cha Tigoni humwumiza mteja kidogo kuliko mchana mmoja kwenye kiti cha askari.

Ndiyo maana hesabu tuliianzia getini, tukarudi nyuma. Nani yuko nyumbani kupokea, na saa ngapi? Wateja wake wengi walisema kabla ya saa mbili asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule na msaidizi wa nyumbani akiwa macho. Basi mzigo ufike kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Ili kuitangulia foleni, pikapu itoke Tigoni saa kumi na moja alfajiri. Kupakia kunachukua nusu saa. Hakuna atakayevuna mafungu ya watu zaidi ya ishirini gizani kabla ya hapo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mavuno lazima yawe ya jioni iliyotangulia, jua likishapoa: kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu, giza linapoingia. Wavunaji wawili wanahitaji orodha moja iliyokamilika kabla ya kushika kisu. Kujumlisha oda na kulinganisha malipo ya M-Pesa kunamla saa moja na nusu, hasa mteja anapolipa kwa jina la mumewe. Weka na saa moja ya dharura, unaangukia saa nane mchana.

Mavuno ya jioni yana kasoro yake. Jani la jioni lina joto la mchana ndani yake na limelegea kidogo. Joto hilo lisipotolewa, kreti iliyojazwa vizuri hubaki vuguvugu katikati usiku kucha, na ukiingiza mkono utahisi. Kwa hiyo mafungu huzamishwa kwa dakika chache katika maji safi ya baridi, hukung'utwa, kisha husimamishwa kwenye kreti zenye matundu ndani ya kibanda cha mkaa: kuta mbili za waya, mkaa katikati, maji yakidondoka polepole. Kibanda hicho hupoza kwa sababu maji hukauka, hivyo kinafaa sana Januari na Februari hewa ikiwa kavu. Julai, ukungu wa Limuru ukitanda, hakiongezi mengi, ila wakati huo baridi ya usiku yenyewe inatosha. Jambo la kuangalia ni umajimaji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mfuko wa karatasi ukipewa spinachi inayodondoka hupasuka kwenye lifti. Acha mboga zichuje maji kwanza, halafu ndipo ufungashe.

Letasi na dania nilimwambia azikate saa kumi alfajiri kwa tochi ya kichwani, ama asiziuze. Ni kidogo, zinawezekana. Parachichi na nyanya zilizoiva zisafiri kwenye kreti nyingine, kwa sababu hutoa gesi ya ethilini inayofanya majani kuwa manjano.

Kufunga oda hakusaidii kama umeuza usichonacho. Sukuma huchumwa majani ya chini, ya juu yakaachwa yakue, kwa hiyo shamba lina kikomo cha wiki. Mistari yake ya Jumamosi ina mimea 400. Akichuma majani matatu kwa kila mmoja anapata majani 1,200, na kwa fungu la majani 12 hayo ni mafungu 100. Anatangaza 85. Yale 15 ni ya vidukari, majani yaliyochanika, na wale wateja wasiosikia.

Kwa hao wa mwisho tuliweka kufuli la pili. Baada ya saa nane hakuna kinachoongezwa kwenye orodha ya kuvuna, lakini hadi saa mbili usiku, wakati wa kufungasha, mtu anaweza kununua kilichokwisha vunwa na kubaki. Ujumbe anaotuma ni huu:

"Oda za Jumamosi zinafungwa Ijumaa saa nane mchana (14:00). Oda ni ile iliyolipwa. Baada ya hapo nitakuuzia kilichobaki tu, hadi saa mbili usiku (20:00). Tutafika kati ya 6:00 na 8:00 asubuhi. Nani atapokea?"

Tarakimu ziache, kwa sababu Nairobi ukiandika "saa 8" peke yake utapata wateja wa saa mbili asubuhi na wa saa mbili usiku. Na swali la mwisho usilifute. Asiyekuwa na mpokeaji ahamishiwe jioni kwa boda, alipe nauli yake.

Utajuaje mpangilio unafanya kazi? Weka fungu moja la ziada kwenye kreti, lisilo la mtu. Lipime likishachuja maji, lipime tena linapopakiwa, halafu likirudi na dereva. Gramu 500 zikirudi 485, umepoteza asilimia 3, na mteja hataona kitu. Zikirudi 465, angalia zilipotea wapi. Zikipungua kabla ya kupakia, kibanda hakina maji au kreti zimewekwa penye upepo. Zikipungua njiani, funika mzigo kwa gunia safi lililoloweshwa, na mwulize dereva alisimama wapi kunywa chai.