Kamisheni ya dola 9,000 inayofika mkononi ikiwa 4,500

Mama mmoja, Mkenya anayeuza nyumba hapa Marekani, alikuja ofisini kwetu na kalenda yenye duara tatu za wino mwekundu. Kila duara ni nyumba iliyokwisha pata mnunuzi, na kila moja alikuwa ameshaipangia matumizi. Nilimwomba tuichukue ya kwanza tuipigie hesabu.

Nyumba ya dola 360,000, kamisheni ya upande wake asilimia 2.5, yaani dola 9,000. Fedha hiyo haiji kwake moja kwa moja. Wakala hufanya kazi chini ya leseni ya broka, kwa hiyo kamisheni hulipwa broka kwanza. Mkataba wake ni 70 kwa 30: ofisi ya broka ilibaki na 2,700, yeye akapata 6,300. Ikakatwa ada ya mauzo ya dola 300, zikabaki 6,000. Hapo kodi bado, kwani sheria ya kodi humhesabu wakala kuwa amejiajiri na hakuna anayemkatia. Nilimshauri atenge robo, dola 1,500. Zikabaki 4,500, na mafuta ya gari hatujayagusa.

Duara ya pili ilifutika. Mnunuzi anayetumia mkopo huchukua kama siku 30 hadi 45 tangu ofa ikubaliwe mpaka asaini na kukabidhiwa funguo, na huyu katikati alikopa gari jipya. Benki ilipokagua madeni yake mara ya mwisho ikamnyima mkopo wa nyumba. Kazi ya miezi miwili, malipo sifuri. Ya tatu ilisogezwa mwezi mmoja mbele. Ndiyo maana wino mwekundu siupendi: mpaka fedha iingie benki, andika kwa penseli.

Akaniuliza kama ahamie ofisi inayotoa 90 kwa 10. Inavutia, ila ofisi ile inatoza dola 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Tukiacha ada ya mauzo pande zote mbili, akiuza nyumba tatu za namna hii kwa mwaka, ofisi ya sasa itamkata 8,100, na ile mpya 2,700 pamoja na 6,000, jumla 8,700. Akifikisha nne mambo yanageuka: 10,800 kwa 9,600. Lakini hata hapo kuna jambo ambalo jumla ya mwaka hailionyeshi. Asilimia 30 hukatwa siku fedha ipo; dola 500 hudaiwa hata Januari ambayo hakuna aliyenunua kitu. Mwenye akiba ya miezi minne anaweza kuihimili. Yeye alikuwa na ya wiki tatu, kwa hiyo nilimwambia abaki alipo kwanza, kamisheni zote aziweke kwenye akaunti ya pembeni, na kila tarehe mosi ajilipe kiasi kilekile, auze asiuze. Tulianza na dola 1,400.