Hitiskani haitanguliwi: acheni kumlenga mbele kila anayekimbia

Kama kuna ushauri mmoja ningeupiga marufuku hapa Ngamiani tunapochezea, ni huu: "Anayekimbia mlenge mbele." Wiki hii nimeusikia tena. Kijana kashika bunduki ya Sniper kwenye Team Fortress 2, mwenzake kasimama nyuma ya kiti anamwelekeza: mbele, mbele zaidi, mbele! Mpigaji akatii, akakosa, akakosa tena, kisha akanigeukia: "Kaka, seva inakula risasi." Seva haikula chochote. Risasi zilifika pale pale alipolenga, na pale hapakuwa na mtu.

Ushauri ule si uongo moja kwa moja. Ni sahihi kwa roketi, mshale na guruneti, na ni sahihi kwenye PUBG, ambako risasi ya AKM hutoka kwa mita 715 kwa sekunde na lazima isafiri hadi ifike. Vijana wengi wamejifunzia kulenga huko, kwenye simu, ndiyo maana wanauhamishia kila gemu. Ukiupeleka Counter-Strike, Valorant au kwa Sniper wa Team Fortress 2, unakuharibia mkono. Nitatumia Team Fortress 2 kueleza kwa sababu ni ya bure, inakubali kompyuta chovu, na ina silaha za aina zote mbili: hitiskani, na projektaili, yaani zinazorusha kitu kinachosafiri hewani.

Silaha ya hitiskani haitoi risasi. Ukibofya, kompyuta inachora mstari mnyoofu kuanzia kwenye jicho la mchezaji (jicho, si mdomo wa bunduki) kuelekea nukta iliyo katikati ya skrini, kisha inauliza: mstari huu umegonga nini kwanza? Ukigonga mtu, anaumia hapo hapo. Swali na jibu vimeishia ndani ya hesabu ile ile moja. Awe hatua tano kutoka kwako au upande wa pili wa ramani, muda ni ule ule. Hakuna kitu kilichoruka hewani, kwa hiyo hakuna safari ya kuitangulia.

"Lakini mbona naona risasi inapita?" Hapa ndipo watu wananichosha. Unachokiona ni mchirizi wa mwanga, pambo tu. Umechorwa kutoka kwenye mdomo wa bunduki ili macho yaridhike, na mara nyingi unachorwa baada ya jibu kujulikana. Bastola ya Scout, mhusika mwenye mbio kwenye Team Fortress 2, inatoa michirizi mizuri kabisa, na ni hitiskani. Mchirizi si ushahidi wa lolote. Ushahidi unaupata hivi: fungua ramani `itemtest` peke yako, kisha kwenye konsoli andika:

```
sv_cheats 1
host_timescale 0.1
```

Muda unapungua mara kumi. Piga ukuta wa mbali kwa roketi ya Soldier, utaiona inatambaa. Piga ukuta huo huo kwa bastola: tundu linatokea papo hapo, huku mchirizi pengine bado uko njiani. Kwenye gemu isiyo na konsoli, rekodi skrini, upige ukuta wa karibu na wa mbali, halafu uhesabu fremu kati ya kubofya na tundu. Fremu zikiwa zile zile karibu na mbali, ni hitiskani, hata kama kuna ucheleweshaji. Zikiongezeka kadiri ukuta unavyokuwa mbali, ni projektaili. Usiangalie ucheleweshaji wenyewe, angalia kama unakua na umbali.

Baada ya hapo mtu huleta pingi, ule muda ambao ujumbe unakwenda kwenye seva na kurudi. "Sawa, risasi haisafiri, lakini intaneti yetu iko mbali na seva, si lazima nimtangulie kwa ajili ya hiyo?" Swali hili ni zuri, na zamani jibu lilikuwa ndiyo. Kwenye Quake III ya 1999, seva ilimpima adui pale alipokuwa wakati bofyo lako linafika, kwa hiyo mwenye pingi kubwa alilazimika kuitanguliza hata bunduki ya hitiskani. Enjini ya Source, inayoendesha Team Fortress 2, haifanyi hivyo. Seva inatunza kumbukumbu ya mahali kila mchezaji alipokuwa. Bofyo lako likifika, inakokotoa ulikuwa unaona wakati gani, inawarudisha wapinzani nyuma mpaka pale ulipokuwa unawaona, inachora mstari, kisha inawarejesha. Kwa hiyo ulichokilenga kwenye skrini yako ndicho kinachohukumiwa. Ukimtangulia kwa nusu mwili, seva inarudisha saa na kukuta umepiga hewa kwa nusu mwili. Gharama ya mpango huu inamwangukia anayepigwa: anakuwa keshajificha nyuma ya ukuta kwenye skrini yake, na bado anakufa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaoandika miongozo huliruka. Wapo wanaolenga mbele kwa hitiskani na wanapata. Nimewaona, na sitadai wanabahatisha. Wanachokifanya ni kitu kingine: wanaiweka nukta mbele ya adui, wanaisimamisha, wanasubiri aingie. Kati ya macho kuona "ameingia" na kidole kubofya hupita kitu kama robo sekunde, na Scout anakimbia yuniti 400 kwa sekunde. Ndani ya robo sekunde anakuwa amekwenda yuniti 100, yaani miili miwili. Ukisubiri mpaka aiguse nukta, umechelewa. Kwa hiyo unabofya kabla, na hapo ni kweli unatangulia, ila unachokitangulia ni uzito wa kidole chako. Tofauti ni kubwa. Ukimfuata adui kwa kipanya, nukta ikitembea naye mwilini, uzito huo unatoweka na unabofya ikiwa juu yake. Ukimvizia, unaurudisha. Ninapomwona mtu anakosa kwa hitiskani, kitu cha kwanza ninachoangalia ni kama nukta yake ilikuwa inatembea au imesimama wakati wa kubofya, na kama alama za ukutani ziko mbele ya adui au nyuma yake. Nyuma: mkono unachelewa. Mbele: ameambiwa na rafiki yake amlenge mbele.

Roketi ni habari nyingine kabisa. Roketi ya Soldier inakwenda yuniti 1100 kwa sekunde. Tuseme Scout anakatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia, yuko umbali wa yuniti 550. Roketi inahitaji karibu sekunde 0.54 kumfikia, na ndani ya muda huo atakuwa amesogea yuniti 215, zaidi ya miili minne. Akiwa yuniti 1100, roketi inatumia sekunde 1.07 na yeye anasogea 429. Wengi wanaishia hapo na kukariri jedwali: karibu kidogo, mbali sana. Usikariri. Ukipima kwa pembe, yaani ni kiasi gani unageuza kichwa kutoka kwenye mwili wake, majibu yote mawili ni nyuzi 21. Pembe inategemea uwiano wa kasi mbili tu, 400 kwa 1100, umbali haumo. Kwenye skrini nafasi kati yake na nukta inabaki ile ile, anachobadilisha yeye ni ukubwa. Ndiyo maana Soldier mzoefu hapimi umbali kwa jicho. Mkono wake una kipimo kimoja cha Scout, kingine kidogo zaidi cha Soldier anayetembea yuniti 240, na anakipunguza kadiri mtu anavyokimbia kwa kumjia au kumkimbia badala ya kukatiza.

Pingi ndiyo inayoharibu uzuri huu, maana Team Fortress 2 haimrudishi mtu nyuma kwa ajili ya roketi. Roketi inazaliwa kwenye seva bofyo lako likifika, na inawakuta watu walipo sasa, si ulipowaona. Chukua pingi ya milisekunde 120. Ongeza `cl_interp`, muda ambao mchezo wako unachelewesha picha ili watu wasirukeruke, ambao kwa miaka mingi ulikuja ukiwa 0.1, yaani milisekunde 100. Jumla ni 220, na ndani yake Scout amekwenda yuniti 88. Akiwa mbali kwa yuniti 1100, ukilinganisha na zile 429, si nyingi. Akiwa yuniti 275, roketi yenyewe inadai 107, na mtandao unadai 88 juu yake. Kwa hiyo mwenye pingi kubwa huumia zaidi kwa roketi za karibu, kinyume na watu wanavyodhani, na ile pembe moja haimtoshi tena: karibu lazima aizidishe. Wachezaji wa Soldier huandika `cl_interp_ratio 1` na `cl_interp 0.0152`, na zile 88 zinashuka mpaka kama 54. Laini ikiwa inayumba picha itaanza kurukaruka, na hapo ni afadhali urudishe kidogo.

Hata hivyo hesabu yote hii inamhusu mtu anayekimbia moja kwa moja. Roketi ikitumia nusu sekunde hewani, adui ana muda wa kuiona, kuamua na kugeuka. Kwa hitiskani jibu sahihi lipo kwenye skrini wakati unabofya. Kwa roketi halipo, linaamuliwa baada ya wewe kubofya, na anayeliamua ni mwenzako. Ndiyo maana nina shaka na programu za mazoezi zenye vitone vinavyotembea kwa mwendo uliopangwa. Zinafundisha mkono kumfuata mtu, lakini kitone hakijui kukwepa.

Kinachosaidia ni kupiga mahali ambapo hana hiari. Aliye kwenye mlango mwembamba hana pembeni pa kwenda. Aliye chini piga ardhi kwenye miguu yake, kwa sababu mlipuko una nusu kipenyo cha yuniti 146 na unasamehe makosa ambayo roketi ya kifuani haisamehi. Na aliyeruka hewani hawezi kubadili njia yake kwa wepesi, kwa hiyo usimpige alipo, piga atakapotua. Isipokuwa Scout. Yeye anaruka mara ya pili akiwa hewani, na kwa mruko huo anageuka anakotaka. Kwa hiyo kwake subiri. Mwache atumie mruko wa pili, ndipo uangalie anashukia wapi na kumwachia roketi.