Shotikati ikifungua haimaanishi Excel pia imejua

Ati "si kompyuta itajua tu nimebadilisha jina la folda, mbona shotikati ya desktopu bado inafungua?" Jameni, wiki haipiti Kisumu hapa bila mtu kuniletea laptop na hii maneno, na akikosa faili anasingizia virusi.

Shotikati inafungua kwa sababu Windows inaitafutia. Ndani yake kuna njia ya faili, lakini pia kuna alama ambayo draivu ya NTFS imeipa hiyo faili, kwa hivyo ukiihamisha ndani ya draivu hiyo hiyo mara nyingi inapatikana. Mara nyingi, si kila mara, mimi mwenyewe siwezi kukuahidi kabla sijaklik. Ukikopi kisha ufute ile ya kwanza, hiyo ni faili ingine, alama haikufuata. Flashi ya FAT32 au exFAT hata hiyo alama haina.

Sasa Excel haina huo upole. Tuseme una `Muhtasari.xlsx` kwa folda ya Ofisi, inavuta mikopo kutoka folda iliyo ndani yake:

```
='C:\Ofisi\Mikopo\[Januari.xlsx]Sheet1'!B12
```

Mtu anabadilisha Mikopo kuwa "Mikopo 2024" ndio ikae nadhifu. Ukifungua muhtasari Excel inauliza kama iapdeti, unaklik Don't Update kama kawaida yako, na namba iko pale pale, 48,500, haina kosa lolote. Hiyo ndiyo inaniudhi! Ni namba ya mwisho Excel iliyosevu, unaweza kurekebisha Januari mpaka jioni na muhtasari usisonge hata shilingi, halafu watu wa chama wanasomewa hesabu ya zamani na hakuna anayeshtuka. Ukitaka kujua, enda Data, Edit Links, klik Check Status; Excel mpya inaiita Workbook Links, hapo angalia hali ya hiyo linki. Ikisema source not found, umejijibu.

Dawa ya kwanza ni kurudisha jina la zamani, basi. Kama haiwezekani, Change Source hapo hapo, faili moja moja. Zikiwa nyingi mimi hufungua cmd, si PowerShell, naacha jina la zamani likielekeza kwa jipya:

```
mklink /J "C:\Ofisi\Mikopo" "C:\Ofisi\Mikopo 2024"
```

La zamani ndilo linatangulia, na kusiwe na folda ingine yenye hilo jina, itakataa. Hii siipendi sana kwa sababu mtu atakuja aone folda mbili zenye vitu sawa, aseme moja ni kopi, afute faili za ndani, na kumbe ni zile zile.

Kuzuia? Mwaka uandike kwa jina la faili mpya, folda iitwe Mikopo tu miaka yote. Na ukihamia draivu ya D beba Ofisi nzima, usitoe Mikopo peke yake, kwa sababu muhtasari na chanzo vikihama pamoja bila kubadilisha mpangilio Excel huvipata. Halafu uangalie hapo kwa linki kama njia inaonyesha D, si C, kabla hujafuta ya zamani, tafadhali.