Dipoziti ya chupa na kreti: mistari miwili, akaunti moja ya deni

Kazi yangu ni kupanga vitabu vya hesabu vya wasambazaji wa vinywaji hapa Nairobi. Nikipata mteja mpya, kitu cha kwanza ninachotafuta ni akaunti ambayo dipoziti ya kreti imeingizwa. Mara nyingi huwa imechanganywa na mauzo. Matokeo yake ni kwamba mwezi ambao magari yametoka kwa wingi unaonekana wa faida kubwa, na mwezi ambao chupa tupu zinarudi unaonekana wa hasara, hata kama soda iliyouzwa ni ileile.

Dipoziti ni pesa ya mteja uliyoishika mpaka akurudishie vyombo, kwa hiyo ni deni lako kwake. Kwenye mfumo, fungua bidhaa mbili, chupa na kreti, na uzielekeze kwenye akaunti ya deni badala ya mauzo. Usiziunganishe kuwa "kreti kamili", kwa sababu kreti hurudi ikiwa na mapengo. Kila moja ipewe msimbo wake wa kodi, na msimbo uliotumika kutoza ndio utakaotumika kurudisha.

Tuchukue duka la jumla la Kariobangi linalopokea kreti 40 za soda, kila moja ikiwa na chupa 24. Bei ni za mfano tu, na tuseme mshauri wa kodi ameshakubali kwamba dipoziti haitozwi VAT:

```
Soda    kreti 40 x 700   28,000
VAT     16%               4,480
Chupa   960 x 10          9,600
Kreti   40 x 260         10,400
Jumla                    52,480
```

Mauzo ni 28,000 peke yake. Hizo 20,000 za chupa na kreti zinakaa kwenye deni, chini ya jina la mteja huyo.

Wiki inayofuata gari linarudi na kreti 35. Hapa ndipo pesa hupotelea, kwa sababu karani wa geti akiwa na haraka huhesabu kreti na kuzidisha kwa 24. Kreti zikipangwa juu kwa juu, pengo la ile ya katikati halionekani. Mwambie turniboi azishushe moja moja, na chupa iliyovunjika mdomo ihesabiwe kama haipo. Tuseme chupa 22 zimekosekana. Zilizorudi ni 818, si 840. Kredit noti itakuwa ya chupa 818 kwa 10, yaani 8,180, na kreti 35 kwa 260, yaani 9,100. Jumla ni 17,280, na deni linabaki 2,720.

Sasa kagua. Duka bado lina chupa 142 na kreti 5, na ukizidisha kwa bei zake unapata 1,420 na 1,300, yaani 2,720. Idadi aliyobaki nayo mteja, ukiizidisha kwa bei ya dipoziti, lazima ilingane na salio lake kwenye vitabu. Fanya hivyo kwa kila mteja peke yake, maana jumla ya wateja wote inaweza kulingana huku mmoja akiwa amezidishiwa na mwingine amepunjwa. Ukiona salio la mteja limekwenda hasi, karibu kila mara amerudisha vyombo ambavyo hukumtoza, pengine alivyookota kwa duka jirani. Vya ziada usivitolee kredit noti ya dipoziti. Ukivitaka, vinunue kwa hati nyingine.

eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, nayo inataka kredit noti itaje invoisi ya awali, ilhali chupa tupu haijui ilitoka na invoisi gani. Mimi huanza na invoisi ya zamani zaidi ambayo vyombo vyake havijaisha, kisha ninasonga mbele. Wapo wanaopunguza tu bei ya soda kwenye invoisi mpya. Hiyo sikubali hata kidogo, kwani inapunguza mauzo na VAT pamoja, na lile deni linabaki limekaa palepale.

Kinachovuruga zaidi ni bei ya dipoziti kupanda. Tuseme kreti imetoka 260 hadi 300. Duka letu likirudisha zile 5 na ukalipa 300 kila moja, umetoa 1,500 kwa deni la 1,300. Ukitangaza mapema, wateja watazificha kreti nyuma ya duka wakingoja siku ya bei mpya. Unaweza kutunza idadi kwa kila bei, lakini karani wa geti hawezi kuitofautisha kreti ya 260 na ya 300 kwa kuitazama. Napendelea kuhesabu vyombo vilivyo kwa kila mteja siku ya mabadiliko, naye akatia sahihi, kisha kumtoza tofauti: kreti 5 kwa 40, yaani 200. Kuanzia hapo kila kreti inayorudi inalipwa 300, na deni lake vitabuni ni 300.